Kilichosomwa Si Kilichoamuliwa

Mkutano wa chama cha akiba na mikopo hufunguliwa kwa katibu kusoma kumbukumbu za kikao kilichopita. Tuseme anasoma: "Wajumbe waliazimia mkopo wa dharura usizidi shilingi 200,000." Mjumbe mmoja anasimama: "Mwenyekiti, tulikubaliana 150,000." Wanavutana kidogo, kumbukumbu zinasahihishwa na kuthibitishwa, ndipo ajenda nyingine zinafuata. Baadaye rekodi ya sauti inanukuliwa neno kwa neno. Anayeandaa muhtasari asipokuwa makini, ataandika kwamba kikao cha leo kimeweka ukomo wa 200,000. Atakuwa amekosea mara mbili: azimio ni la kikao kilichopita, na kiasi chenyewe kimekataliwa na wajumbe.

Jina la msemaji halitamwokoa, kwa kuwa anayesoma ni Katibu na anayejibu hoja ni Katibu huyohuyo. Lugha ndiyo humfichua. Msomaji hutoa sentensi zilizonyooka, zenye "iliazimiwa" na "kipengele cha 4". Anayezungumza husita, hujirudia, husema "yaani" na "si ndiyo jamani?" Mwanzo wa kusoma ni rahisi kuuona, maana watu husema "naomba nisome". Mwisho wake ndio wenye kazi, kwa sababu ni nadra mtu kutangaza kwamba amemaliza. Tena wengi hukatiza katikati: wanasoma mstari, wanaufafanua kwa maneno yao, kisha wanaendelea kusoma.

Kwa hiyo, kabla ya kufupisha chochote, omba waraka wenyewe uliosomwa na uulinganishe na unukuzi mstari kwa mstari. Mahali maneno yanapofanana, weka alama kwenye unukuzi:

```
[ANASOMA: kumbukumbu, kipengele cha 4]
[MWISHO WA KUSOMA]
```

Ufafanuzi wa katikati uache nje ya alama hizo, kwa kuwa ni mazungumzo ya leo. Waraka usipopatikana, rudi kwenye rekodi usikilize: sauti ya anayesoma huenda kwa mwendo mmoja, na mara nyingine karatasi husikika ikigeuzwa. Palipobaki na shaka, andika kwamba pana shaka.

Baada ya hapo, kila azimio litakaloingia kwenye muhtasari lioneshe mstari ulio nje ya alama, ambako wajumbe walilikubali. Kwa mfano wetu, sentensi sahihi ni hii: "Kumbukumbu zilithibitishwa baada ya kusahihisha ukomo wa mkopo wa dharura kutoka 200,000 kuwa 150,000."

Upande wa pili wa hatari ni kufuta kila kilichosomwa. Rasimu ya kanuni mpya ikisomwa, kisha mwenyekiti akahoji na wajumbe wakaipitisha, maneno yaliyosomwa ndiyo azimio lenyewe, na muhtasari lazima uyabebe kama yalivyo. Lakini wajumbe wakisema tu "tumeipokea", imepokelewa, haijapitishwa.