Je, Wajua? Slaidi ya 10 Huitangulia ya 2

Mafunzo yakimalizika Dodoma, iwe ni Nzuguni, Hombolo au kwenye ofisi za Mtumba, kuna ombi ambalo halikosekani: "Mwezeshaji, tunaomba utuwekee mada kwenye grupu." Washiriki wanarudi Kongwa, Mpwapwa, Bahi, Chemba na Kondoa, na wengi wao wataisoma mada hiyo kwenye simu. Faili la PowerPoint kwenye simu lina usumbufu wake. Linataka programu ya kulifungulia, linakula bando, na likifunguka maneno huwa yamehama mahali pake. Kwa hiyo wawezeshaji wengi wameamua kugeuza kila slaidi kuwa picha. Uamuzi ni mzuri, ila una mitego yake, na karibu yote hujitokeza baada ya picha kufika kundini.

Tuchukue mada moja ya mfano: slaidi 24 juu ya ubwiri unga na ubwiri vinyoya kwenye mizabibu, imeandaliwa kwa ajili ya maafisa ugani.

Je, wajua kwamba PowerPoint yenyewe inaweza kutoa picha zote 24 bila skripti yoyote? Ukienda kwenye Save As, ukachagua PNG na kukubali slaidi zote, inakutengenezea folda yenye Slide1.PNG, Slide2.PNG na kuendelea hadi Slide24.PNG. Kwenye Windows utaziona zimepangika vizuri, kwa sababu kisomaji cha folda cha Windows hutambua kwamba 10 ni kubwa kuliko 2. Programu nyingine nyingi hazina utambuzi huo. Hulinganisha majina herufi moja baada ya nyingine, na kwa kuwa 1 hutangulia 2, Slide10 hadi Slide19 hukaa mbele ya Slide2. Afisa ugani wa Bahi anasoma kipimo cha dawa kabla hajaambiwa ugonjwa wenyewe ni upi.

Dawa yake ni sifuri. Picha ikiitwa 02 badala ya 2, mpangilio wa herufi na wa namba unakuwa kitu kimoja. Hapo ndipo skripti inapoanza kulipa. Fungua mada, bonyeza Alt na F11 kwa pamoja, ongeza Module kutoka menyu ya Insert, kisha andika hivi:

```
Sub ToaPicha()
  Dim s As Slide
  For Each s In ActivePresentation.Slides
    s.Export "C:\Picha\slaidi-" & _
      Format(s.SlideIndex, "00") & ".png", _
      "PNG", 1600, 900
  Next
End Sub
```

Ukibonyeza F5, picha 24 zinaingia kwenye folda ya Picha. Folda hiyo uitengeneze kwanza, maana skripti haitaitengeneza, itagoma tu. Zile namba mbili za mwisho ni upana na kimo cha picha kwa pikseli, nazo zinafaa slaidi pana za siku hizi. Mada za zamani zilikuwa na umbo la 4 kwa 3, na ukizilazimisha kwenye 1600 kwa 900 zitavutwa pembeni. Dalili yake ni rahisi kuiona: tunda la zabibu lililokuwa duara linakuwa kama yai. Kwa mada hizo weka 1600 na 1200.

Je, wajua kwamba asiye na PowerPoint anaweza kufanya kazi hiyo hiyo kwa LibreOffice, ambayo ni ya bure, bila hata kufungua dirisha lake? Ila hapa kuna mtego ambao umewasumbua wengi. Mtu huamuru faili ligeuzwe moja kwa moja kuwa PNG, kompyuta inafikiri kidogo, kisha inatoa picha moja tu, ya slaidi ya kwanza. Hakuna onyo wala kosa linaloandikwa. Ndivyo njia hiyo inavyofanya kazi: hutoa ukurasa mmoja. Njia inayofaa ni kupitia PDF, halafu kuikata PDF kurasa kwa kurasa kwa programu ndogo iitwayo pdftoppm, ambayo kwenye Ubuntu huja na kifurushi cha poppler-utils:

```
soffice --headless --convert-to pdf zabibu.pptx
pdftoppm -r 120 -jpeg zabibu.pdf slaidi
```

Mstari wa pili unazaa slaidi-01.jpg hadi slaidi-24.jpg, na sifuri inajiweka yenyewe kwa kuwa kurasa zimevuka tisa. Ile 120 ni idadi ya nukta kwa kila inchi. Slaidi pana ya PowerPoint ina upana wa inchi 13.33, hivyo ukizidisha unapata pikseli 1600. Ukiandika 96 utapata 1280, ambayo ndiyo PowerPoint hutoa usipoiambia kitu. Na ikiwa amri ya kwanza imemalizika papo hapo bila kuacha PDF yoyote, tazama kama LibreOffice imeachwa wazi mahali fulani kwenye kompyuta hiyo. Ifunge, urudie.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo skripti haiwezi kukuokoa, nalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote: ukubwa wa herufi.

Je, wajua kwamba herufi ya pointi 18, ambayo ukutani inasomeka vizuri, ikifika kwenye simu huwa ndogo kuliko maandishi ya gazeti? Hesabu yake ni nyepesi. Slaidi ina upana wa karibu sentimita 34. Simu iliyoshikwa wima ina upana wa karibu sentimita 7. Slaidi nzima imepungua karibu mara tano, na kila herufi imepungua nayo. Pointi 18 imekuwa chini ya 4. Ili msomaji aone herufi ya pointi 8 bila kukuza picha kwa vidole, wewe ulipaswa kuandika kwa pointi 39 au 40, na kwa ukubwa huo slaidi moja haibebi zaidi ya mistari michache. Msomaji anaweza kuilaza simu, na hapo upana unakuwa karibu mara mbili, lakini wengi hawafanyi hivyo.

Kwa hiyo mada ambayo tangu mwanzo inajulikana itaishia kundini ni bora iandaliwe wima. Kwenye PowerPoint nenda Design, kisha Slide Size, uchague umbo la kusimama. Upana unashuka hadi sentimita 19, na herufi ya pointi 24 inafika kwenye simu ikiwa karibu 9. Skripti nayo ubadilishe: 900 kwanza, 1600 baadaye. Usifanye hivi kwa mada ambayo tayari imekamilika, maana kila kisanduku na kila picha vitahama na utapanga upya jioni nzima. Kwa mada kama hiyo chagua slaidi chache zenye maana zaidi, uziandike upya kwa umbo la simu, na nyingine ziache kwenye PDF.

Je, wajua kwa nini maandishi mekundu juu ya bluu huonekana kama yamelowa maji yakishapita WhatsApp? Picha inayotumwa kama picha ya kawaida hubanwa upya kwa JPEG, mtindo wa kubana picha uliotolewa rasmi kama kiwango mwaka 1992. Jicho la mtu huona tofauti ya mwanga kwa makini kuliko tofauti ya rangi, na JPEG inatumia udhaifu huo: mara nyingi huhifadhi mwanga kwa ukamilifu, lakini rangi huzipunguza hadi nusu ya upana na nusu ya kimo. Picha ya shamba la mizabibu haidhuriki. Lakini nyekundu na bluu zinazolingana kwa mwanga hutofautishwa na rangi peke yake, na rangi ndiyo iliyotupwa. Kingo za herufi zinamwagika. Nyeusi juu ya nyeupe haina shida hiyo, wala njano juu ya nyeusi. Kama slaidi ina jedwali la vipimo vya dawa ambalo halipaswi kukosewa, itume kama hati badala ya picha, kwa sababu hati hufika bila kubanwa. Kwa nyingine, chaguo la HD lililokuja mwaka 2023 linasaidia, ingawa nalo hubana.

Kabla ya kutuma, fungua picha zako uzitazame. Mwezeshaji aliyeweka maelezo yajitokeze moja baada ya jingine atakuta yamerundikana yote juu ya picha moja, maana picha haina mwendo: jani zima na jani lililougua vimelaliana. Aliyetumia LibreOffice anaweza kukuta mistari imeruka nje ya kisanduku, kwa kuwa kompyuta haikuwa na fonti ya mada ikaweka nyingine. Calibri ina mbadala wake wa vipimo sawa, Carlito, na ukiisakinisha tatizo linakwisha. Fonti nyingine nyingi hazina bahati hiyo.

Kuna pia slaidi zilizofichwa. Je, wajua kwamba skripti ya PowerPoint tuliyoiandika hapo juu huzitoa nazo, ilhali LibreOffice inapotengeneza PDF huziruka? Kama kati ya slaidi 24 umeficha ile ya bajeti ya mafunzo, njia ya kwanza itaipeleka kundini. Ya pili itatoa picha 23, na kuanzia hapo namba ya picha haitalingana na namba ya slaidi. Kwenye skripti, weka sharti hili kabla ya mstari wa s.Export, na End If baada yake:

```
If s.SlideShowTransition.Hidden = msoFalse Then
```

Kwa upande mwingine, picha hulinda siri kuliko faili lenyewe. Faili la PowerPoint husafiri na maandishi ya msemaji yaliyo chini ya slaidi, jina la mwandishi, na mara nyingi hata sehemu za picha ulizodhani umezikata. Kwa mtumishi wa umma hilo si dogo. Picha ya slaidi haibebi chochote zaidi ya kile kinachoonekana.

Hasara yake nayo iko wazi. Viungo vya tovuti vinakufa, neno halitafutiki, na mshiriki asiyeona, ambaye simu yake humsomea maandishi kwa sauti, hapati kitu. Weka PDF pamoja na picha, kila mara. Na kabla ya kuzimwaga zote 24 kundini, jitumie mwenyewe tatu kwenye WhatsApp, uchague na ile yenye maandishi madogo kabisa, kisha uzisome ukiwa umeishika simu wima. Ukilazimika kuikuza, irudishe kwenye kompyuta.