Dakika 50 za kunyanyua vyuma

Chukua saa, keti pembeni mwa gimu, umhesabie muda mtu mwenye mazoezi 7 ya seti tatu tatu. Seti moja huchukua kama sekunde 40, kwa hiyo seti zake 21 ni dakika 14 tu za kazi. Mapumziko ya dakika mbili baada ya kila seti yanakula dakika 42. Kupasha mwili na kujinyoosha kumemaliza 15, na kuhama kutoka chombo hadi chombo kunachukua 9. Jumla ni dakika 80, na chuma amekishika kwa dakika 14.

Wengi wakibanwa na muda hukimbilia kukata mapumziko yote hadi dakika moja. Hapo ndipo wanapoharibu. Nguvu ya seti nzito hutoka kwenye akiba ndogo ya nishati iliyomo ndani ya msuli. Nusu ya akiba hiyo hurudi katika sekunde 30 za kwanza, lakini kujaa karibu kabisa huhitaji dakika 3 hadi 5. Mtu anayechuchumaa na kilo 80 begani mara 8, akipumzika dakika moja tu, anaweza kushuka hadi mara 5, kisha 4. Angepumzika dakika tatu, pengine angefanya 8, 8 na 7. Saa imeokolewa, lakini kazi iliyojenga mguu imepotea.

Mapumziko yanayofaa kupunguzwa ni yale ya kukaa bure wakati msuli mwingine ungeweza kufanya kazi. Lala kwenye benchi usukume chuma, pumzika dakika moja, kisha inama uvute chuma kuelekea tumboni, pumzika dakika moja tena, urudi kwenye benchi. Kifua kimepata mapumziko ya dakika mbili na sekunde 40, na katika muda huo mgongo umeshafanya kazi yake. Seti sita zimekwisha kwa dakika 10. Sharti ni kwamba mazoezi mawili yasigombee msuli mmoja. Kuvuta chuma tumboni usikuoanishe na kukiinua kutoka chini, maana kiuno na viganja huchoka mara mbili.

Baada ya mapumziko huja idadi ya mazoezi. Mapitio ya utafiti ya Iversen na wenzake, yaliyochapishwa mwaka 2021, yalipendekeza kwa mtu asiye na muda angalau seti 4 kwa wiki kwa kila kundi la misuli, na yakashauri mazoezi yanayotumia viungo vingi pamoja: moja la miguu, moja la kusukuma, moja la kuvuta. Anayefika gimu mara mbili kwa wiki na kufanya seti tatu za kila moja anapata 6. Mashine ya pili ya kifua na ile ya kunyoosha goti anaweza kuziacha.

Kupasha mwili nako kufuate zoezi lenyewe. Kwa kilo 80 begani, tembea haraka dakika mbili, chuchumaa na chuma kitupu cha kilo 20 mara 8, kilo 40 mara 5, kilo 60 mara 3. Dakika 7 zinatosha. Kujinyoosha kwa muda mrefu kabla ya uzito hakuhitajiki, na msuli uliovutwa zaidi ya dakika nzima unaweza kupungukiwa nguvu kidogo.

Sasa hesabu: kupasha mwili 7; kuchuchumaa seti tatu kwa mapumziko ya dakika tatu, 9; kuhama na seti moja nyepesi, 4; kusukuma na kuvuta, 10; kuhama tena na seti moja nyepesi, 4; kuinua chuma kutoka chini kwa miguu iliyokunjwa kidogo, ikioanishwa na kusukuma juu ya kichwa, 10. Ni dakika 44. Sita zilizobaki ziache hivyo hivyo, kwa sababu jioni benchi huwa na foleni. Gimu ikifurika, fanya jozi kwa dambeli mbili kwenye kona moja, mikono yote miwili kwa pamoja. Mkono mmoja mmoja huongeza muda maradufu.

Mpango huu haumfai anayejiandaa kwa mashindano ya kunyanyua uzito wa juu kabisa. Huyo anahitaji mapumziko marefu zaidi. Mwenye goti au bega lililowahi kuumia aongeze seti nyepesi mbili.

Andika kila seti kwenye daftari. Seti ya kwanza ikiwa nzito kuliko ya pili, hukupasha mwili vya kutosha. Seti ya tatu ikianguka chini ya nusu ya ya kwanza, umepumzika kidogo mno. Na uzito ule ule ukikupa marudio machache kuliko mwezi uliopita, rudisha dakika moja ya mapumziko kwenye zoezi la miguu kabla ya kugusa jambo jingine lolote.