Wasifu wa fomeni: tarehe mbili, mirunda na daftari la asubuhi

Vipeperushi vingi vya makandarasi wetu vina ukurasa mmoja unaofanana. Kuna picha ya mtu mwenye kofia ngumu na kizibao cha kung'aa, na chini yake maneno matatu au manne: mchapakazi, mwaminifu, mzoefu, anayejali usalama. Huyo ndiye fomeni, msimamizi wa saiti, mtu ambaye mwenye nyumba atamwona mara nyingi zaidi kuliko atakavyomwona mkurugenzi wa kampuni. Maneno yale hayamsaidii, kwa sababu fomeni mzembe wa kampuni nyingine ameandikiwa yaleyale.

Anayesoma kipeperushi hicho ana hofu zake. Machi 29, 2013 jengo refu lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Novemba 16, 2024 likaanguka jingine Kariakoo, likiwa na wafanyabiashara ndani. Mwenye kiwanja Arusha aliyefuatilia taarifa hizo hatulizwi na neno "mzoefu". Anataka kujua fomeni huyu alifanya nini siku ambayo haraka na usalama vilivutana.

Kwa hiyo wasifu mzuri hujengwa juu ya kazi moja inayoweza kukaguliwa. Tuchukue mfano wa kufikirika unaofuata kazi zinavyokwenda Levolosi, Arusha. Kampuni ndogo imepewa kujenga nyumba ya ghorofa moja, maduka chini na vyumba juu, kwenye kiwanja chembamba si mbali na soko la Kilombero. Ukuta wa jirani uko karibu pande zote mbili. Lori la kokoto haliwezi kuingia ndani, na likisimama barabarani asubuhi ya siku ya soko linafunga njia ya watu. Mkataba unasema kazi ianze Januari 13, 2025 na jengo likabidhiwe Julai 11.

Rasimu ya kwanza ya wasifu, aliyoiandika mtu wa ofisini, inasema: "Alikamilisha mradi wa Levolosi kwa wakati." Shajara ya saiti inasema jengo lilikabidhiwa Julai 23.

Je, aliyeandika amedanganya? Hapana, ila ameacha nusu ya habari, na nusu hiyo ndiyo yenye thamani. Miezi hiyo imepita katikati ya masika. Kwenye miteremko ya Meru mvua za Aprili hujaza mitaro na kulainisha udongo, na lori lililobeba mchanga hukwama kabla ya kufika. Fomeni wa mfano wetu aliandika kila siku iliyopotea: saa mvua ilipoanza, kazi iliyosimama, watu waliorudishwa nyumbani. Siku 12 za kazi zilizopotea hivyo zilipelekwa kwa msimamizi wa mradi, naye akaidhinisha kwa maandishi nyongeza ya muda hadi Julai 25. Jengo likakabidhiwa siku 2 kabla ya tarehe hiyo mpya.

Hivyo ndivyo wasifu unavyopaswa kusema, kwa tarehe zote mbili. Msomaji akiona tarehe ya mkataba, nyongeza iliyoidhinishwa na tarehe ya makabidhiano, anajifunza kwamba mtu huyu anaweka kumbukumbu, na kwamba mvua ikinyesha hatakuja kwake na hadithi. Tarehe ya makabidhiano ichukuliwe kwenye hati ya kukamilika kwa kazi. Siku mafundi walipoondoka saiti haihesabiki. Kama kipindi cha kuangalia kasoro nacho kimeisha na fedha za zuio zimelipwa, hilo liandikwe, maana linaonyesha kwamba kazi ilimalizika kweli.

Sasa tufike kwenye slabu, maana hapo ndipo fomeni anapojulikana. Katika mfano huu zege la slabu lilimwagwa Jumamosi ya Machi 22. Usiku uliotangulia fomeni alipita juu ya nondo akikagua biskuti, vile vipande vidogo vya zege vinavyoinua nondo zisilalie mbao. Zikilala juu ya mbao, zege halizifuniki vizuri kwa chini, na miaka ikipita unyevu huzifikia, zikashika kutu na kubandua zege la dari. Asubuhi alisimama penye mchanganyiko na akabaki hapo. Vibarua wanaopandisha karai wanapenda zege jepesi lenye maji mengi, kwa kuwa linatiririka lenyewe na haliwachoshi. Lakini maji ya ziada yanapunguza nguvu ya zege. Ndoo ya maji ilikuwa chini ya mtu mmoja aliyetajwa kwa jina kabla ya kazi kuanza, na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigusa.

Zege hilohilo lilijazwa kwenye viboksi vya chuma vya milimita 150 kila upande, ili vibonge vyake vipelekwe kupimwa siku ya 7 na siku ya 28. Arusha hilo halina ugumu mkubwa, maana Chuo cha Ufundi Arusha kina maabara ya vifaa vya ujenzi. Kisha slabu ikamwagiliwa maji kila siku.

Siku ya 14 mwenye jengo alitaka mirunda itolewe ili plasta ianze chini na maduka yapate wapangaji mapema. Slabu ilionekana ngumu kabisa, na mtu angeweza kurukaruka juu yake. Ila zege huonekana gumu mapema kabla halijapata nguvu ya kujibeba, na mhandisi alikuwa ameagiza mirunda ikae siku 28. Fomeni alikataa kuigusa. Badala ya kukaa bure, alihamishia mafundi kwenye shimo la maji taka na ukuta wa mpaka, kazi ambazo zilipangwa kufanyika Mei. Mirunda ilitoka Aprili 19, na ratiba haikupoteza hata siku moja kwa ajili ya kusubiri.

Habari hiyo moja inaonyesha muda, usalama na uongozi kwa pamoja, na kwa maoni ya mwandishi inastahili nafasi kuliko aya tatu za sifa. Fomeni anayesifiwa kwa kumaliza haraka tu anaweza kuwa ni yule aliyetoa mirunda siku ya 10.

Kuhusu usalama, sentensi ya kuogopa ni "hajawahi kupata ajali". Ajali gani, na kwa muda gani? Aliyejikata kidole na nondo anahesabiwa? Wasifu useme jambo linalopimika, kwa mfano kwamba katika miezi ya mradi huo hakuna aliyeumia kiasi cha kukosa kazi siku iliyofuata, na utaje daftari linalothibitisha. Saiti ya ujenzi ni mahali pa kazi kama kiwanda. Inaangukia chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, na majeruhi wanashughulikiwa pia kupitia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Kama mtu aliumia, kampuni haina sababu ya kuficha: ieleze kilichobadilishwa baada ya hapo. Mteja makini atamwamini zaidi fomeni aliyefunga jukwaa upya kuliko yule ambaye kwenye karatasi hajaona hata mkwaruzo.

Tabia za usalama zinaonekana katika mambo madogo ya kila siku. Kikao cha dakika 10 kabla ya kazi, kila mmoja akisaini daftari, na mada ikiwa kazi ya siku hiyohiyo: leo tunachimba, kwa hiyo udongo uliotolewa usirundikwe ukingoni mwa shimo. Mbao za jukwaa zinazokanyagwa kwanza na fomeni mwenyewe. Lori la kokoto linaloagizwa lifike alfajiri, kabla watu wa soko hawajajaa njiani, na mtu wa kuliongoza likirudi nyuma. Hilo la mwisho ni la Levolosi hasa, na ndilo litakalomshawishi mwenye kiwanja cha mtaa huo.

Uongozi wa mafundi ni mgumu kuandika bila kupaka rangi. Njia iliyo salama ni kuangalia orodha ya mahudhurio na kuhesabu waliorudi. Fundi mwashi mzuri mjini Arusha ana pa kwenda. Akimfuata fomeni yuleyule kutoka saiti moja hadi nyingine, kuna jambo analolipata: malipo ya Jumamosi yanatoka Jumamosi, vipimo havibadilishwi baada ya kazi kufanyika, na akikosea anaelekezwa bila kutukanwa mbele ya saidia fundi. Hesabu nyingine ni ya saidia fundi waliopanda kuwa mafundi. VETA ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini bila kupita darasani, na fomeni aliyewasukuma vijana wake wakapimwa na kupata cheti ana jambo la kujivunia kwa haki.

Kwa mfano wetu, wasifu uliokamilika ungeweza kusomeka hivi:

"Msimamizi wa saiti, fundi uashi aliyehitimu VETA. Mwaka 2025 alisimamia mafundi 9 na saidia fundi 14 katika jengo la ghorofa moja Levolosi. Mkataba uliishia Julai 11; baada ya siku 12 za kazi kupotea kwa mvua muda uliongezwa hadi Julai 25, naye akakabidhi Julai 23. Mirunda ya slabu ilikaa siku 28 kama mhandisi alivyoagiza. Wakati huo kazi za nje zilitangulizwa. Vikao vya usalama vilifanyika kila asubuhi na kusainiwa. Hakuna aliyeumia kiasi cha kukosa kazi. Mafundi 6 kati ya 9 walikuwa naye katika mradi uliotangulia. Shajara ya saiti na majibu ya vipimo vya zege yapo ofisini kwa mteja anayetaka kuyaona."

Hakuna sifa hata moja humo, na bado msomaji anamwona mtu.

Yamebaki mambo ambayo hayaruhusiwi kuingia kwa mazoea. Fomeni asiitwe mhandisi kama hayumo kwenye daftari la Bodi ya Usajili wa Wahandisi, hata kama saitini kila mtu humwita "injinia". Jengo la mtu lisitajwe wala kupigwa picha ya kipeperushi bila idhini ya mwenyewe. Namba ya simu binafsi, umri na picha ya fomeni ni taarifa zake, na tangu kuanza kutumika kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 kampuni inapaswa kupata ridhaa yake kabla ya kuzichapa. Picha yenyewe ikaguliwe kwa jicho la mkaguzi: kipeperushi kinachosifu usalama huku nyuma ya fomeni anaonekana kibarua mwenye kandambili juu ya jukwaa kimeshajipinga. Wasifu mrefu wenye vyeti na kila mradi tangu mwanzo una mahali pake, kwenye nyaraka za zabuni. Huu wa kipeperushi ubaki na mradi mmoja au miwili, na ubadilishwe kila hati mpya ya kukamilika kwa kazi inapotoka.