Sabufa Ijifiche, Spika Zionekane

Katika sebule nyingi mpangilio wa muziki ni uleule. Sabufa imesukumwa kwenye kona iliyo karibu na soketi, spika zake mbili ndogo zimepandishwa juu yake au zimebanwa ndani ya kabati la TV katikati ya maua na picha za harusi, na waya zilizobaki zimerundikwa nyuma. Muziki unasikika, lakini besi inavuma mpaka vioo vya dirisha vinatetemeka, na maneno ya mwimbaji hayashikiki. Lawama humwendea muuza duka, kumbe mara nyingi kasoro ni mahali vyombo vilipowekwa.

Sikio lina tabia moja inayorahisisha kazi hii. Sauti nene sana, yenye mitetemo isiyozidi 80 hivi kwa sekunde, sikio hupata shida kujua inatoka upande gani. Sauti nyembamba, kama za kayamba, matoazi na herufi “s” katika maneno, hulifikisha sikio moja kwa moja pale zinapotoka, na huzuiwa kwa urahisi na chochote kilicho njiani. Kwa hiyo lile boksi kubwa linalojaza sebule ndilo linaloweza kujificha. Spika ndogo, ambazo wengi huzificha, ndizo zinazotakiwa kutazamana na msikilizaji.

Chukua sebule ya mita 5 kwa 4, yenye kuta za tofali na sakafu ya vigae, TV ikiwa katikati ya ukuta mrefu. Spika ndogo zinatolewa kabatini na kufungwa ukutani kwa vishikizo vya chuma, moja kila upande wa TV, zikiachana mita 2.4. Kimo chake ni kama mita moja kutoka sakafuni, usawa wa masikio ya mtu aliyeketi, na kila moja inageuzwa kidogo kuelekea kochi kubwa. Kochi lenyewe linavutwa mbele kiasi cha kufanya kichwa cha msikilizaji kiwe nusu mita au zaidi kutoka ukuta wa nyuma, kwa sababu besi hujikusanya kwenye kuta na anayeegemea ukuta huipata kupita kiasi. Waya zinapita ndani ya mfereji wa plastiki uliobandikwa juu kidogo ya sakafu na kupakwa rangi ya ukuta. Juu ya kabati sasa panabaki TV peke yake.

Sabufa nayo iende wapi? Kona ni mahali pabaya zaidi kwa wengi, kwani kuta mbili na sakafu huikuza besi kwa pamoja, na baadhi ya noti huvuma kuliko nyingine. Njia ya kupata mahali pake ni kuiweka kwa muda pale kwenye kochi anapokaa msikilizaji, kisha kupiga wimbo wenye gitaa la besi linalopanda na kushuka, kama rumba. Mtu atembee taratibu kandokando ya kuta huku ameinama, kichwa kikiwa usawa wa magoti. Kuna sehemu ambapo noti moja itanguruma na nyingine kupotea. Kuna sehemu ambapo noti zote zitatoka kwa nguvu inayokaribiana. Hapo ndipo sabufa ihamishiwe, hata kama ni pembeni ya kochi.

Kuna mpaka, hata hivyo. Spika ndogo za seti za bei nafuu hazifiki chini sana, hivyo sabufa zake hubeba pia sehemu ya sauti ya wanaume waimbao. Sabufa ya namna hiyo ikiwekwa mbali, sauti hiyo itasikika ikitokea huko. Itafutiwe mahali upande wa TV, mita moja hivi kutoka kona. Ikiwa amplifaya imo ndani yake, mgongo wake uachiwe nafasi ya kupitisha hewa, usifunikwe na pazia.

Kabla ya kukoleza sauti, mwenye nyumba apige kofi moja katikati ya chumba. Mlio ukirudi kama kengele ndogo, kuta na vigae vinarudishiana sauti, na maneno yatachafuka. Zulia nene kati ya TV na kochi pamoja na mapazia mazito hupunguza mlio huo, ingawa haviigusi besi.

Jaribio la mwisho ni wimbo wa mwimbaji mmoja, msikilizaji akiwa katikati ya kochi. Sauti yake inapaswa kusikika kama inatoka kwenye kioo cha TV. Ikielea pande zote bila kukaa mahali pamoja, huenda spika moja imeungwa kinyume: seti izimwe, kisha waya za kila spika zikaguliwe, nyekundu kwenye tundu jekundu na nyeusi kwenye jeusi.