Nipe Mji

Mtu akishindwa kitendawili hulipa mji. Hii ndiyo kanuni iliyoufanya mchezo wa vitendawili udumu kwenye mabaraza na nyua za pwani, kuanzia Lamu hadi Unguja, na ndiyo inayosahauliwa kwanza vitendawili vinapohamishiwa kwenye karatasi. Vitabu hutupa fumbo upande mmoja na jibu upande wa pili. Kinachokosekana ni kile kinachotokea katikati, na kwa maoni yangu mchezo wenyewe umo humo.

Tuchukue kitendawili kimoja tukifuate hadi mwisho. Watoto wamekaa ukumbini baada ya chakula cha usiku, bibi yuko nao. Mmoja anaita, "Kitendawili!" Wenzake wanaitika, "Tega!" Naye anatega: "Kuku wangu katagia miibani." Hapo majibu huanza kumiminika. Mmoja anasema ndimu, kwa sababu mndimu una miiba na tunda lake ni la mviringo kama yai. Si jibu baya, lakini mtegaji anatikisa kichwa. Mwingine anasema nungunungu, watu wanacheka. Mwingine anarudia ndimu kwa sauti kubwa zaidi, kana kwamba kosa lilikuwa la sauti. Baada ya hapo kimya kinaingia, na mtegaji anajua wakati wake umefika.

"Nipeni mji."

"Chukua Makunduchi."

"Makunduchi nimetoka jana. Siutaki."

"Basi chukua Mombasa."

"Mombasa naupokea."

Mtegaji aliyepewa mji halazimiki kutoa jibu papo hapo. Ana haki ya kuutembelea kwanza. Atasimulia kwamba alikwenda Mombasa akapokewa bandarini kwa shangwe, akakaribishwa biriani, akatandikiwa kitanda cha samadari. Wenyeji wakamwuliza, mbona umekuja peke yako, wenzako wako wapi? Akawajibu kwamba amewaacha nyumbani wanapekua miiba kumtafuta kuku. Hapo wale walioshindwa wanachekwa, nao wanacheka pia, huku bado wanasubiri. Jibu halijatoka. Ndipo mwisho anasema, "Nanasi!" na wote wanapiga kelele ya kujilaumu, maana nanasi wanaliona kila siku sokoni, limezungukwa na majani yake yenye miiba.

Ukiuangalia mpangilio huo utaona ujanja wake. Hamu ya kujua jibu hufikia kilele wakati ule watu wanapokubali kwamba wameshindwa. Jibu likitolewa hapo hapo, hamu hiyo inazimika mara moja na watu wanaanza kuongea mambo mengine. Mji unaichelewesha. Zaidi ya hayo, unampa mtoto wa miaka 8 ruhusa ya kuwa msimulizi kwa nusu dakika mbele ya watu ambao hawawezi kuondoka, kwa kuwa amewashikia jibu lao. Watambaji wengi wa hadithi walianzia hapo, kwenye safari ya uongo ya Mombasa, kabla hawajathubutu kusimulia hadithi nzima.

Mapatano ya mji nayo yana kazi yake. Mji mdogo hukataliwa, mji uliokwisha kutolewa usiku ule hukataliwa, na kwa hiyo walioshindwa wanalazimika kushauriana: tumpe upi? Siku hizi nimesikia watoto wakitoa Dubai na London bila kusita, kama vile wa zamani walivyotoa Maskati. Mtegaji mwerevu huukubali mji anaoweza kuusimulia. Mpe mtoto mji asioujua kabisa, utaona safari yake inaishia kwenye "nikala, nikashiba, nikarudi."

Jambo moja humshangaza mtu anayeutazama mchezo huu kutoka nje. "Nyumba yangu ina nguzo moja." Jibu ni uyoga. Lakini mwavuli je? Nao una nguzo moja na paa juu. Mtoto akisema mwavuli ataambiwa sio, na akibisha ataambiwa tena sio. Kitendawili si swali la mantiki ambalo kila jibu linaloingia linakubaliwa. Jibu ni lile ambalo jamii imekwisha kulipokea, na anayelijua amelipata kwa kuwapo siku liliposemwa. Ndiyo maana mtoto anayesikia kitendawili mara ya pili anajisikia mkubwa: sasa yumo miongoni mwa wanaojua. Kisha hutokea siku jibu jipya likapendwa na wote likachukua nafasi ya la zamani, au kitu kipya kikaingizwa kwenye hazina. Kile cha Mzungu aliyetoka Ulaya na mkono kiunoni, ambacho jibu lake ni kikombe, hakikuweza kutungwa kabla watu hawajamwona Mzungu mwenyewe na vikombe vya mshikio alivyokuja navyo.

Vitendawili hutangulia, hadithi hufuata. Utaratibu huu haukuwekwa kwa bahati. Mtu aliyekaa robo saa akiitika "Tega!" na kugombania majibu tayari amezoea kwamba kimya chake hakikubaliki. Mtambaji anapoita "Paukwa!" na kuitikiwa "Pakawa!", au mahali pengine anapoita "Hadithi! Hadithi!" na kuitikiwa "Hadithi njoo!", anaipokea hadhira iliyokwisha kuchangamka.

Tukumbuke pia kwamba hadithi ni za usiku. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki watoto walikatazwa hadithi na vitendawili mchana, kwa vitisho vya namna namna, na sababu iliyo wazi ni kwamba mchana una mbuzi, maji na shamba. Lakini usiku una tabu yake kwa msimulizi. Kibatari kimoja hakimwonyeshi macho ya watu. Hajui nani anasinzia, nani amechoka, nani amemgeukia mwenzake. Anachoweza kukitegemea ni sikio. Kwa hiyo akifika mahali anapohisi hadithi imelegea, hukatisha na kuita tena "Paukwa!" katikati ya safari. Kiitikio kikirudi kwa pamoja na kwa haraka, anaendelea kwa mwendo ule ule. Kikirudi kimechelewa na kimetawanyika, anajua afanye nini: aruke maelezo ya msitu na mito, amlete zimwi sasa hivi.

Na zimwi akija, wimbo nao huja. Askofu Edward Steere, aliyechapisha mwaka 1870 hadithi alizozikusanya Unguja, aligundua kwamba hadithi za huko zina vipande vya kuimba ambavyo watu wote waliokaa hapo huvipokea, na kwamba mara nyingi vipande hivyo ndivyo mifupa ya hadithi. Maneno yanayoviunganisha msimulizi huyatunga palepale. Jambo hili linaonekana vizuri katika ile hadithi ya pwani ya binti na ngoma. Mabinti wanakwenda ufukweni kuokota kombe. Mmoja anapata zuri, analiweka juu ya jiwe, analisahau, na wanapokuwa njiani kurudi analikumbuka. Wenzake hawataki kurudi naye. Anarudi peke yake, na juu ya jiwe amekaa zimwi. Zimwi anamtia ndani ya ngoma, anaifunga, na kuanza kuzunguka nayo vijijini. Kila anapofika anaipiga, binti ndani anaimba, watu wanastaajabia ngoma yenye sauti ya mtu, wanampa zimwi chakula.

Ni nani anayeimba sehemu ya binti? Ni hadhira. Mtambaji ni zimwi, anapiga goti lake au sinia, na watoto waliokaa kwenye mkeka ndio sauti iliyofungiwa. Katika kijiji cha kwanza wanaimba kwa kubahatisha, kwa hiyo wimbo lazima uwe mfupi kiasi cha kushikwa kwa kuusikia mara moja. Katika kijiji cha pili wanauimba kwa nguvu. Katika cha tatu mtambaji mzuri hubadilisha kitu: anapunguza mwendo, au anaacha kupiga. Kijiji hicho ni kwao binti. Wazazi wanaisikia sauti, na mtambaji huwaacha wakae na mashaka yao kwa muda, huku watoto kwenye mkeka wanajua kila kitu na hawana namna ya kuwaambia ila kwa kuimba zaidi. Nimeona watoto wakiimba hapo kwa bidii ya kweli, kana kwamba wazazi wale hawatasikia wao wakinyamaza. Baadaye zimwi anapewa chakula cha kushiba, analala, binti anatolewa, na ndani ya ngoma wanatiwa nyuki na siafu. Sehemu hiyo haihitaji usanii mwingi. Hadhira imekwisha kuifanya kazi yake na inataka tu kuona zimwi analipwa.

Mtambaji mbaya wa hadithi hii hujulikana kwa jambo moja: anaimba mwenyewe. Ana sauti nzuri, anaogopa watoto watamharibia wimbo, basi anawafanya watazamaji. Kufika kijiji cha pili wameanza kupigana viwiko.

Methali nayo huwaachia wasikilizaji sehemu yao ya kusema, safari hii watu wazima, ila kwa njia ya ukali zaidi. Tuseme kuna kikao cha ukoo, kijana amepuuza ushauri akaingia hasara. Mzee mmoja anasema, "Asiyesikia la mkuu..." kisha ananyamaza, anachukua kahawa yake. Nusu ya pili inatoka kwa waliokaa: huvunjika guu. Mzee hakumhukumu mtu. Hukumu imetamkwa na kikao kizima, na kijana hana wa kumlaumu. Methali nyingi za Kiswahili zimejengwa hivi, vipande viwili vinavyokaribia kulingana kwa mizani, mara nyingi vikiwa na vina, ili anayesikia cha kwanza asiweze kujizuia kukitaja cha pili. Na kwa kuwa hazina ni kubwa, mtetezi naye hupata silaha. Ukiniambia haraka haraka haina baraka, nitakuambia ngoja ngoja huumiza matumbo, na kikao kitageuza masikio upande wangu kuona nani ataishiwa kwanza.

Nusu ya methali huanguka chini pale ambapo hadhira haijui nusu iliyobaki. Hali hii imekuwa ya kawaida mijini, na kwenye majukwaa ya tamasha za shule za Kenya ambako hadithi husimuliwa ukumbini mbele ya waamuzi, na wengi waliokaa ni wageni kwa mtambaji. Wanaoijua kazi hawasubiri kiitikio ambacho hakijapandwa. Mapema katika hadithi humpa mhusika mmoja, mama au sungura, methali nzima aiseme wazi. Dakika tano baadaye huirudia hadi katikati, husimama, na hugeuza sikio upande wa watu. Safu za mbele huitika kwanza, kwa aibu kidogo. Mtambaji asijibu wala asiwasaidie. Aseme tu kwamba huko nyuma hakusikia vizuri, arudie nusu yake, na asubiri tena.