Flashi ya BitLocker Mbele ya Mac na Linux

Mhasibu wa taasisi moja amefunga mahesabu ya mwaka, ameyaweka kwenye flashi ya GB 32, na kwa kuwa mle mna mishahara ya watu ameifunga kwa neno la siri. Kwenye Windows kazi hiyo ni nyepesi: unabonyeza flashi kwa kitufe cha kulia cha mausi, unachagua `Turn on BitLocker`, unaandika neno la siri, unasubiri. Flashi inamfikia mkaguzi anayetumia Mac. Mkaguzi anaichomeka, na badala ya kuombwa neno la siri anaambiwa kwamba diski hiyo haisomeki kwenye kompyuta yake. Chini ya maneno hayo kuna vitufe vitatu: `Eject`, `Ignore` na `Initialize`.

Hicho cha mwisho ndicho cha kuogopa. Kinakupeleka kwenye programu ya Disk Utility, na ukibonyeza `Erase` humo, flashi inaanza upya ikiwa tupu. Ujumbe wenyewe unapotosha, kwa sababu flashi ni nzima na faili zimo. Mac haiutambui tu mpangilio wa BitLocker, na kitu isichokitambua inakihesabu kama diski isiyo na chochote. Bonyeza `Eject`, uichomoe, kisha utafute njia ya kuifungua.

Watu wengi wanadhani tatizo ni fomati. Wamesikia kwamba Mac inasoma NTFS lakini haiandiki humo, basi wanamwambia mwenye flashi aibadilishe iwe exFAT. Haitasaidia kitu. BitLocker haifungi faili mojamoja, inafunga eneo zima la diski pamoja na orodha ya majina ya faili, na NTFS au exFAT inakaa ndani ya eneo hilo. Kwa hiyo kuna hatua mbili: kwanza programu ya kuondoa usimbaji, halafu mfumo wa kusoma fomati iliyomo. Mac inakwama kwenye hatua ya kwanza, haijafika hata kwenye fomati.

Wakati mwingine dalili huwa tofauti. Flashi iliyokuwa na fomati ya FAT kabla ya kufungwa inaweza kufunguka vizuri kabisa kwenye Mac, lakini ndani unakuta `BitLockerToGo.exe` na msururu wa faili ambazo majina yake yanaanza na `COV` na `PAD`. Kwa namna tulivyozoea flashi kurudi kutoka steshenari na vimelea, mtu huwaza virusi moja kwa moja na kuanza kufuta. Usifute. Microsoft iliziweka hizo makusudi, ili kompyuta za zamani za Windows XP na Vista ziweze kusoma flashi kwa programu hiyo ndogo. Faili hizo zimekaa juu ya eneo lenye data yako zikilizuia lisiandikwe kitu kingine.

Linux imeshalitatua jambo hili. Programu ya cryptsetup, ambayo tayari ipo kwenye mifumo mingi ya Linux, ilianza kusoma BitLocker katika toleo la 2.3.0 la mwaka 2020. Kwenye Ubuntu ya miaka ya karibuni huenda usihitaji hata kuandika amri: unabonyeza flashi kwenye dirisha la faili, unaombwa neno la siri, inafunguka. Isipofunguka hivyo, fungua terminali uangalie kwanza imepewa jina gani:

```
lsblk -f
```

Mstari wa flashi utaonyesha neno `BitLocker` kwenye safu ya `FSTYPE`. Tuseme ni `sdb1`. Hapo unaandika:

```
sudo cryptsetup open --type bitlk /dev/sdb1 flashi
sudo mkdir -p /mnt/flashi
sudo mount -o ro /dev/mapper/flashi /mnt/flashi
```

Amri ya kwanza itakuuliza neno la siri. Ukishaandika, kompyuta hutulia kidogo kabla ya kujibu, kwani BitLocker huchakata neno hilo zaidi ya mara milioni moja ili kumchosha anayejaribu kubahatisha. Kile kijisehemu cha `ro` kinafungua flashi kwa kusoma tu. Mkaguzi hahitaji kuandika chochote mle, na mimi ningekiacha hata kama angehitaji. Ukimaliza, funga kwa mpangilio huu kabla ya kuchomoa:

```
sudo umount /mnt/flashi
sudo cryptsetup close flashi
```

Kwenye Linux ya zamani ipo dislocker, programu nyingine ya bure iliyotangulia kufanya kazi hiyohiyo.

Neno la siri likikataa, mara nyingi mwenye flashi mwenyewe amelisahau. Windows ina mpangilio wa kufungua flashi yenyewe kwenye kompyuta iliyozoea, hivyo anaweza kukaa miezi bila kuliandika. Mwulize ufunguo wa dharura aliotakiwa kuuhifadhi siku ile anaifunga. Ni tarakimu 48 katika mafungu manane ya tarakimu sita sita, na huwa kwenye akaunti yake ya Microsoft, kwenye faili ya maandishi au kwenye karatasi. cryptsetup inaukubali palepale inapoomba neno la siri, uandike pamoja na vistari vyake. Ukisomewa kwa simu, kuna namna ya kujua kama umenakili vibaya: kila fungu lazima ligawanyike kwa 11 bila baki. Fungu la `123453` ni sawa, kwa maana ni 11 mara 11,223. Ukiandika `123543`, baki ni 2, basi rudia kumwuliza fungu hilo.

Kuna hali ambayo hata neno sahihi halisaidii, nayo ni flashi iliyochomolewa kabla Windows haijamaliza kuifunga. cryptsetup inakataa diski iliyofungwa nusu. Hiyo inarudi kwenye Windows, ambako amri ya `manage-bde -status` itaonyesha imefikia asilimia ngapi, na inaachwa imalize.

Kwa Mac mambo ni magumu zaidi. Apple haikuweka njia yoyote ya kusoma BitLocker, hivyo kuna programu za kununua kama iBoysoft BitLocker for Mac na Hasleo BitLocker Anywhere. Dislocker nayo inawezekana, lakini inadai macFUSE na kazi ya terminali ambayo simshauri mtu aliye na haraka. Kabla ya kutoa pesa, tafuta jirani mwenye laptopu ya Windows, hata iwe ya toleo la Home. Home hairuhusu kufunga flashi mpya kwa BitLocker, lakini iliyokwisha kufungwa inaifungua bila shida, na watu wengi hawalijui hilo. Mwenye Windows ndani ya Parallels pia ameshapona: aielekeze flashi huko.

Aliyekwisha kubonyeza `Erase` asiandike chochote tena kwenye flashi hiyo. BitLocker huweka taarifa zake za ufunguo mahali patatu tofauti kwenye diski, na kufuta kwa haraka hakugusi kila sehemu. Windows ina amri ya `repair-bde` inayoweza kuokoa kilichobaki na kukiweka kwenye diski nyingine yenye ukubwa usiopungua wa flashi, ilimradi neno la siri au zile tarakimu 48 zipo. Pasipo hizo, hakuna fundi wa kuifungua.

Na mhasibu wetu, mwakani, akijua flashi inakwenda kwa mtu wa Mac, aifomati exFAT na aweke mahesabu ndani ya kasha la VeraCrypt, ambalo linafunguka Windows, Mac na Linux. Anayepokea atahitaji kuisakinisha VeraCrypt kwanza, na kompyuta za ofisi nyingi haziruhusu hilo bila mtu wa TEHAMA, kwa hiyo ampigie simu kabla ya kutuma.