Uhakiki wa Nukuu na Wasemaji katika Makala ya Habari: Mfano wa Makala ya Pamba kutoka Lagangabilili, Wilaya ya Itilima

Utangulizi

Lagangabilili ni makao makuu ya Wilaya ya Itilima, mkoani Simiyu. Wilaya hiyo iliundwa mwaka 2012 kwa kugawa Wilaya ya Bariadi, na wakazi wake wengi ni Wasukuma wanaolima pamba na kufuga. Mwandishi anayekwenda huko kuandaa makala kuhusu malipo ya pamba hukusanya maneno ya watu wa aina mbili. Wa kwanza ni wakulima, ambao wengi wao, hasa wazee, huzungumza Kisukuma kwa ufasaha zaidi kuliko Kiswahili. Wa pili ni viongozi wa ushirika, wa halmashauri na wa serikali, ambao huzungumza Kiswahili cha ofisini. Maneno ya makundi haya yote hutokea gazetini yakiwa ndani ya alama za kunukuu, na kila alama ya kunukuu ni ahadi kwa msomaji kwamba mtu huyu aliyatamka maneno haya.

Makala haya yanaeleza namna ahadi hiyo inavyohakikiwa kabla ya kuchapishwa. Mfano unaotumika umetungwa kwa ajili ya maelezo, lakini makosa yaliyomo ni ya aina inayotokea mara kwa mara pale ambapo mazungumzo yanafanyika katika lugha moja na kuandikwa katika lugha nyingine.

Nukuu na njia iliyopita

Tuseme rasimu ya makala imemfikia mhariri ikiwa na sentensi ifuatayo:

“Sikulipwa fedha zangu za pamba, na katibu wa AMCOS alinikata kilo kumi,” anasema mkulima mmoja mwenye umri wa miaka 71.

Sentensi hiyo ni fupi na inaeleweka, lakini imebeba tuhuma mbili. Ya kwanza ni kwamba mkulima alidhulumiwa malipo yake. Ya pili ni kwamba mtu mmoja anayejulikana, yaani katibu wa chama cha msingi cha ushirika, alimpunja kwa mkono wake. Katika mji mdogo, kila msomaji atamjua katibu huyo hata kama jina lake halikutajwa. Mkulima naye atarudi msimu ujao kupima pamba yake kwenye mizani ileile, mbele ya katibu yuleyule. Aidha, kisheria, kumnukuu mtu mwingine hakumwondolei mchapishaji dhima ya kashfa, kwa kuwa anayerudia tuhuma huhesabiwa kuwa naye ameitoa.

Hatua ya kwanza ya uhakiki ni kuorodhesha mikono yote ambayo maneno yamepitia. Katika mfano huu, mzee alisema kwa Kisukuma, mjukuu wake akafasiri kwa Kiswahili, mwandishi akaandika kwa ufupi katika daftari, kisha jioni akaandika rasimu akiwa na daftari pekee. Mazungumzo yalirekodiwa kwa simu, lakini rekodi haikusikilizwa tena. Hivyo basi, kati ya mdomo wa mzee na ukurasa kuna mikono mitatu, na kila mkono unaweza kubadili jambo bila nia mbaya.

Rekodi dhidi ya daftari

Mhariri anaomba rekodi na kusikiliza kwanza sehemu ya Kiswahili. Mjukuu anasikika akisema: “Babu anasema hajalipwa bado, na kwenye mizani wamempunguzia kilo kumi.” Ukilinganisha maneno hayo na rasimu, tofauti tatu zinajitokeza.

Tofauti ya kwanza ni ya kitenzi. “Hajalipwa” kimekuwa “sikulipwa”. Katika Kiswahili, kiambishi -ja- katika ukanushi huonyesha kwamba tendo halijafanyika hadi sasa, ila linaweza kufanyika bado. Kiambishi -ku- katika ukanushi wa wakati uliopita hufunga jambo, maana yake ni kwamba tendo halikufanyika. Mkulima anayesubiri malipo yaliyochelewa na mkulima aliyenyimwa malipo ni watu wawili tofauti. Tofauti hiyo si ya kinadharia: katika msimu wa mwaka 2019 wakulima wengi wa pamba walikaa muda mrefu wakisubiri fedha zao, na kuandika kwamba hawakulipwa kungekuwa kuandika habari nyingine kabisa.

Tofauti ya pili ni ya mtenda. Mjukuu alisema “wamempunguzia”, bila kumtaja mtu. Katika rasimu, “wa-” imegeuka kuwa “katibu”. Huenda mwandishi alikisia kutokana na kilichozungumzwa kabla, lakini kisio lake limewekwa kinywani mwa mzee.

Tofauti ya tatu ni ya nafsi. Kilichosikika kwa Kiswahili ni maneno ya mjukuu kuhusu babu yake. Rasimu imeyageuza kuwa nafsi ya kwanza na kuyafungia alama za kunukuu, kana kwamba mzee aliyatamka mwenyewe katika Kiswahili. Kanuni inayofuatwa hapa ni kwamba maneno ya mfasiri hayawi nukuu ya msemaji mpaka yalinganishwe na maneno ya msemaji mwenyewe.

Msikilizaji wa pili

Kwa sababu hiyo, sehemu ya Kisukuma hupelekwa kwa msikilizaji wa pili anayeijua lugha hiyo vyema na ambaye hana uhusiano na familia wala na ushirika. Msikilizaji huyo haonyeshwi rasimu wala tafsiri ya mjukuu. Akionyeshwa, atasikia kile alichokwisha kukisoma. Anaombwa aandike tafsiri yake kwa kuanzia sekunde thelathini hivi kabla ya maneno yanayohakikiwa, na aendelee kidogo baada yake, ili swali lililoulizwa nalo lionekane.

Katika mfano huu, tafsiri ya pili inasomeka hivi: “Sisi hatujalipwa mpaka leo. Mizani ile inasoma pungufu. Watu wanasema ni kama kilo kumi kwa kila mzigo.”

Mambo mawili mapya yamejitokeza. Kwanza, mzee alitumia neno “bise”, yaani sisi, ambalo mjukuu alilifupisha kuwa yeye peke yake. Sisi hiyo inaweza kuwa kaya yake au wanachama wote wa AMCOS, na ni lazima aulizwe. Pili, zile kilo kumi hazikuwa hesabu ya mzee. Zilikuwa maneno ya watu aliyoyasimulia. Nukuu iliyoonekana kuwa ushuhuda wa mtu aliyepunjwa imekuwa ni uvumi uliopita kwa mtu mmoja zaidi.

Jambo jingine la kuangaliwa katika tafsiri za namna hii ni wakati. Kisukuma, kama lugha nyingine nyingi za Kibantu, hutofautisha wakati uliopita wa karibu na wa mbali kwa maumbo ya kitenzi. Kiswahili hutumia -li- kwa yote mawili. Mfasiri asipoongeza neno kama “jana” au “zamani”, kisa cha miaka mingi iliyopita kinaweza kusomwa kama cha msimu huu.

Kumsomea msemaji

Baada ya kulinganisha, msemaji husomewa maneno yake. Husomewa kwa Kisukuma, kwa kurejesha sentensi ya Kiswahili itakayochapishwa katika lugha yake, kwa kuwa mzee akisomewa Kiswahili anaweza kuitikia kwa heshima bila kuelewa. Maswali anayoulizwa ni mahususi: “sisi” ni akina nani, kilo kumi alizipima mwenyewe au alizisikia, pamba aliipeleka lini.

Kusoma huku si kumpa msemaji ruhusa ya kuandika upya makala. Akisema, “Sikumaanisha hivyo,” na rekodi ikamuunga mkono, nukuu hurekebishwa. Akisema, “Nilisema hivyo, lakini sasa naogopa,” hilo si kosa la nukuu bali ni suala la usalama wake, na mhariri huamua kama maneno yabaki, yasimuliwe bila kumtambulisha, au yaachwe. Matokeo yote mawili huandikwa pamoja na tarehe ya mazungumzo.

Maneno ya viongozi

Kwa upande wa viongozi, kosa la kawaida si la maneno bali la mwenye maneno. Mkuu wa Wilaya ni mwakilishi wa serikali kuu, ilhali Mkurugenzi Mtendaji ndiye msimamizi wa shughuli za halmashauri. Afisa Ushirika si katibu wa AMCOS: wa kwanza ni mtumishi wa umma na wa pili ni mtendaji wa chama cha wakulima. Kauli ya mmoja ikipewa mwingine, wajibu wa kujibu nao unahama. Cheo kinachoandikwa ni kile ambacho msemaji alikuwa nacho siku aliyosema.

Taarifa Rasmi za Majadiliano ya Bunge zina mtego wake. Swali linaweza kuandikwa kwa jina la mbunge mmoja likifuatiwa na kifupisho K.n.y., yaani kwa niaba ya, kisha jina la mbunge mwingine. Aliyesimama kuliuliza ni wa kwanza, na mwenye swali ni wa pili. Hali kadhalika, Naibu Waziri huanza jibu kwa kusema anajibu kwa niaba ya Waziri. Mwandishi anayenakili mstari mmoja bila kusoma kichwa chake atampa mtu maneno yasiyo yake. Makala sahihi huandika majina yote mawili na kazi ya kila mmoja, pamoja na tarehe ya kikao.

Mipaka ya uhakiki

Nukuu iliyo sahihi inaweza kubeba jambo lisilo la kweli. Uhakiki ulioelezwa unathibitisha kwamba mzee alisema mizani inasoma pungufu. Hauthibitishi kwamba mizani ni mbovu. Swali hilo hujibiwa kwa njia nyingine, kwa mfano kuangalia kama mizani ina alama ya uhakiki ya Wakala wa Vipimo, kupima uzito unaojulikana, na kumpa katibu nafasi ya kujibu tuhuma yenyewe, si tuhuma iliyokuzwa na rasimu.

Katika mfano huu, mzee alifafanua kwamba “sisi” ni yeye na wanawe wawili, na kwamba hakupima kilo hizo mwenyewe. Sentensi iliyoruhusiwa kuchapishwa ikawa hii:

“Hatujalipwa mpaka leo,” anasema mkulima huyo kwa Kisukuma, akizungumzia pamba yake na ya wanawe wawili. Anaongeza kuwa mizani inasoma pungufu na kwamba amesikia watu wakitaja upungufu wa takribani kilo kumi kwa kila mzigo, ingawa yeye hakupima.

Sentensi hii ni ndefu kuliko ya awali na makali yake yamepungua. Hata hivyo, mzee anaweza kuisimamia mbele ya katibu, na katibu anaweza kuijibu. Nayo imemwachia mwandishi swali la kwenda kuuliza kwenye mizani, swali ambalo rasimu ya kwanza ilijifanya imekwisha kulijibu.